Kati ya baiskeli na kidato cha nne

Maandiko mengi ya miradi ya elimu ya wasichana hukwama mahali pamoja. Sentensi moja inasema baiskeli zitagawiwa; inayofuata inasema wasichana watafaulu. Katikati hapana kitu, na nadharia ya mabadiliko huandikwa ili kulijaza pengo hilo.

Anza na mwisho. Tuseme daftari la mahudhurio la shule ya kata linaonyesha kwamba wasichana wanaoacha masomo wengi wao hutoka vijiji vya mbali. Badiliko unalolitaka ni hili: wasichana wa vijiji hivyo wamalize kidato cha nne. Ili wamalize, lazima wahudhurie mfululizo. Ili wahudhurie, safari isiwachoshe wala kuwatia hatarini. Baiskeli inaingia hapo, na si kabla.

Kisha panga hatua kwenda mbele. Shughuli ni kununua baiskeli, kuzigawa na kuwafundisha wasichana kuziendesha. Zao ni msichana mwenye baiskeli nzima anayejua kuiendesha. Matokeo ni msichana huyo kufika shuleni kila siku. Ukishindwa kutofautisha viwili hivi vya mwisho, jiulize nani anaamua: zao liko mikononi mwa mradi, matokeo yako mikononi mwa msichana na familia yake.

Kwa hiyo kati ya zao na matokeo andika dhana zako waziwazi. Baiskeli haitachukuliwa na kaka kubebea mkaa. Njia inapitika wakati wa masika. Fundi na spea vinapatikana karibu. Na kubwa kuliko zote: umbali ndio sababu ya kweli ya utoro.

Tafuta ushahidi wa dhana hiyo kubwa. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za baiskeli. Watafiti Muralidharan na Prakash waliona uandikishaji ukipanda, hasa katika vijiji vilivyokuwa mbali na shule. Nchini Nepal, Oster na Thornton walichunguza vikombe vya hedhi vilivyogawiwa kwa wasichana, na mahudhurio hayakubadilika, kwa kuwa hedhi ilikuwa ikiwakosesha siku chache mno. Wasichana walivitumia vikombe. Dhana kwamba hedhi ndiyo sababu ya utoro ndiyo haikusimama.

Weka pia kipimo cha kila kiungo. Siku isiyotangazwa, hesabu baiskeli zilizoegeshwa shuleni. Zikiwa chache, tatizo liko nyumbani au kwa fundi. Zikiwa nyingi na wasichana bado wanaacha shule, chunguza karo za kificho, mimba au kazi za nyumbani.

Maelezo yako yatasomeka hivi: “Wasichana wanaoishi mbali wakipata baiskeli na fundi, watahudhuria mfululizo, kwa sababu umbali ndio unaowazuia, mradi familia ziwaachie baiskeli hizo. Wakihudhuria, wengi zaidi watamaliza kidato cha nne.” Ufaulu usiuahidi: huo unahitaji walimu na vitabu, na baiskeli haileti hivyo.