Jedwali la Hatari Nililolijaza Namawala Bila Kumuuliza Dereva

Wenzangu wa mwaka wa pili mnaojiandaa kwenda fildi, nawaletea kosa langu ili nyie msilirudie. Nilipangiwa kampuni ndogo ya usafirishaji yenye Kenta mbili, zinazobeba mpunga kutoka Namawala kwenda Ifakara. Bosi alikuwa na shilingi milioni 3 za kupunguza hatari kwa mwaka mzima. Akaniambia, "Wewe msomi, niambie nianze na lipi."

Nikaanza kama tulivyofundishwa: kila hatari inapewa alama 1 hadi 5 za uwezekano na 1 hadi 5 za athari, halafu unazidisha. Kabla ya kujaza niliandika kwanza maana ya kila namba, maana ukisema tu "mara nyingi", kila mtu ana mara nyingi yake. Uwezekano 5 ni tukio la kila wiki wakati wa masika, 3 ni mara moja hivi kwa mwaka, na 1 ni tukio ambalo kampuni haijaliona kwa miaka mitano. Athari 3 ni kupoteza siku nzima ya kazi, 4 ni kupoteza mzigo, na 5 ni kupoteza uhai.

Nikapekua daftari la safari, nikapata hatari tatu kubwa. Gari kukwama kwenye tope: 5 mara 3, alama 15. Mpunga kulowana: 3 mara 4, alama 12. Breki kushindwa: 2 mara 5, alama 10.

Hapa wengi tunateleza. Tunachukua hatari yenye alama nyingi na kuitafutia dawa kwanza. Dawa kamili ya tope ilikuwa kununua lori linalovuta kwa magurudumu yote, na kwa hela ile hata la mtumba lisingepatikana. Kumbe foleni ya hatari si foleni ya kazi. Kwa kila hatua inabidi ujiulize itapunguza alama ngapi, na kwa gharama gani.

Nikapiga hesabu. Maturubai mapya mawili, shilingi 600,000, yangeshusha uwezekano wa kulowana kutoka 3 hadi 1, yaani alama 12 zibaki 4. Zimepungua 8. Kukodi ghala Ifakara na kuhamishia mpunga huko kabla ya masika, shilingi milioni 1.2, kungepunguza safari za kwenye tope, alama 15 zibaki 9. Zimepungua 6. Kukagua breki kila mwezi, shilingi milioni 1.8 kwa mwaka, kungeshusha 10 hadi 5. Zimepungua 5.

Ukigawa alama zilizopungua kwa kila shilingi laki moja, turubai linapata 1.33, ghala 0.5, breki 0.28. Turubai na ghala vinakula milioni 1.8. Inabaki milioni 1.2, haitoshi breki. Basi nikaandika: breki zisubiri mwakani. Nikajiona nimemaliza.

Kesho yake nilipanda Kenta kurudi Ifakara. Utingo alikuwa amekaa juu ya magunia. Tulipokaribia kijiji kimoja, dereva akakanyaga pedali, akaachia, akakanyaga tena.

"Mzee, mbona mara mbili?"

"Mdogo wangu, hii usipoipampu haishiki. Ina mwezi wa pili sasa. Juzi kidogo nimgonge mtu wa baiskeli."

Pedali inayotaka kupampiwa ni dalili ya hewa au uvujaji kwenye mfumo wa mafuta ya breki, au laini zilizolika. Daftarini hakukuwa na neno. Lilikuwa linaandika ajali tu, "kidogo nigonge" haina safu yake. Ile 2 yangu ilikuwa ukimya wa daftari.

Nikapandisha uwezekano hadi 3. Breki zikawa alama 15, na ukaguzi ungezishusha hadi 5. Zimepungua 10, sawa na 0.56 kwa laki moja. Zikaliruka ghala! Mpango mpya ukawa turubai na breki, milioni 2.4, na laki sita iliyobaki ikakodi nusu ya ghala. Gari lile likapelekwa gereji kabla ya safari nyingine.

Namba moja tu ilibadilika, foleni ikabadilika. Ndiyo maana ukimaliza kupanga, jaribu kuongeza na kupunguza moja kwenye kila alama uliyokisia. Mpangilio ukigeuka, rudi ukaulize watu wa barabarani. Na alama hizi ni za kupangia tu: 10 haimaanishi hatari mara mbili ya 5. Kwa hiyo penye athari 5 usiiachie hesabu peke yake. Kivuko kilipozama Mto Kilombero Januari 2016, watu walikuwa wamevuka pale siku nyingi salama. Daraja lilizinduliwa 2018.

Siku hizi swali langu la kwanza kwa dereva si "umepata ajali ngapi?" Namuuliza, "ni lini mara ya mwisho uliponea chupuchupu?"