Mafunzo Niliyopata kwa Ripoti ya Mwezi Mbaya

Nimezeeka nikiendesha matangazo ya mtandaoni ya hoteli na nyumba za wageni, Malindi na Watamu. Ripoti ya Januari hujiandika yenyewe: wageni wamejaa, na mwenye nyumba hana hata nafasi ya kuisoma. Kazi nilifunzwa na ripoti ya Mei. Mteja alikuwa mama mmoja mwenye nyumba za kukodisha upande wa Casuarina. Tulikubaliana kwamba kwa shilingi 60,000 za matangazo atapata maulizo 120, yaani watu waliojaza fomu au kuandika WhatsApp kuulizia nafasi. Alipata 74.

1. Nambari mbaya ikae mbele

Rasimu yangu ya kwanza ilianza na maelfu walioliona tangazo, na ile 74 nikaiweka chini kabisa, kando ya mchoro wa rangi nne. Nikajiona fundi. Mama akapiga simu: "Mwanangu, walioona nishawaona. Waliouliza ni wangapi?" Kilichonishangaza ni kuwa nambari yenyewe haikumuudhi. Kilichomuudhi ni kutafutishwa. Tangu hapo kichwa cha barua pepe huwa "Ripoti ya Mei: maulizo 74, lengo 120", na sentensi ya kwanza hutaja pesa: kila ulizo lilitakiwa kugharimu shilingi 500, limegharimu kama 811.

2. Mvua usiitoe kama udhuru

Nilikuwa nimeandika kuwa masika yamepunguza wageni. Kweli, Mei pwani ni mvua, bahari imechafuka kwa kusi, na hoteli kadhaa hufunga hadi Julai. Mama akauliza kama mvua hiyo imeanza kunyesha mwaka huu. Sikuwa na la kujibu, kwani lengo la 120 nilikuwa nimelitoa mwenyewe kwenye hesabu za Januari, msimu wa kaskazi, Waitaliano wamejaa. Basi mvua inaeleza kwa nini lengo lilikuwa baya tangu mwanzo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuandikwa: "Lengo tulilikadiria kwa hesabu za msimu wa wageni. Hilo ni letu."

3. Tafuta walipopotelea

Hapa ndipo penye kazi. Matangazo yalileta watu 1,500 kwenye ukurasa wake, kila mmoja kwa shilingi 40. Januari bei ya kubofya ilikuwa hiyo hiyo na idadi hiyo hiyo. Kwa hiyo tangazo lilikuwa likivuta kama kawaida, na kulibadilisha picha, jambo nililokuwa nakaribia kulipendekeza, kungekuwa kutibu mguu mzima. Tofauti ilikuwa ndani ya ukurasa: Januari waliouliza walikuwa 8 katika kila 100, Mei hawakufika 5.

Nikafukua hesabu za Mei ya mwaka uliotangulia, nikakuta 7 katika kila 100. Kwa watu 1,500 hao ni maulizo 105. Kwa hiyo katika maulizo 46 yaliyokosekana, kama 15 ni ya msimu, na 31 yanatafuta maelezo mengine. Nilipoufungua ukurasa kwa simu kama mgeni, niliona bei ya Krismasi bado imebandikwa pale juu, ilhali majirani walikuwa wameshashusha zao. Mwaka uliotangulia bei ya masika ilikuwa imewekwa.

Kulikuwa na jambo jingine: simu ya maulizo ilikaa mapokezi, na jioni haikujibiwa. Lilinivutia sana kulitaja, maana lilimhusu mteja na si mimi. Lakini ulizo lisilojibiwa limeshahesabiwa kama ulizo. Hilo hupunguza wageni wanaolala, halipunguzi wanaouliza. Nililiandika kwa aya yake, mbali na sababu za kukosa lengo.

4. Hatua inayofuata iwe na namna ya kushindwa

"Tutaboresha ukurasa" ni ahadi isiyoweza kushindwa, na ndiyo maana wengi wetu huipenda. Nilimwandikia hivi: "Bei ya masika uiamue wewe kabla ya tarehe 3 Juni, mimi nitaiweka siku hiyo hiyo. Wakifika watu 400 ukurasani, natarajia maulizo kama 28. Yakibaki 20 kama Mei, basi bei haikuwa sababu. Nitasimamisha matangazo na kukupigia kabla pesa zaidi hazijatumika. Lengo la Juni napendekeza liwe 105."

Ankara usiiambatanishe kwenye barua hiyo, hata kama ndiyo siku yake. Mimi niliiambatanisha. Mama alijibu ripoti kwa mstari mmoja, na ankara kwa mistari tisa.