Pampu Imeharibika: Fundi Asubiri Majibu au Aanze Safari?

Barua nyingi zinazoeleza ubovu wa visima huwa na mstari mmoja tu: "Pampu haitoi maji vizuri." Anayeipokea ana njia mbili. Anaweza kuandika maswali na kusubiri, au anaweza kutaja anachodhani, aanze maandalizi, na kuwaomba wenyeji wamsahihishe. Wakati huo akina mama wamekwisha kurudi mtoni.

Chukuliwe mfano wa kisima chenye pampu ya mkono aina ya Afridev. Pampu hii ilibuniwa makusudi itengenezwe kijijini: pistoni na vali ya chini hutolewa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe. Miongoni mwa sehemu zake zinazochakaa upesi ni vipande vya mpira. Basi fundi anaposoma kwamba maji hutoka kidogo, ana haki ya kudhani kwamba mpira umelika. Akikosea, hasara yake ni safari moja, na mpira uliobadilishwa mapema haudhuru pampu. Kumzuia wiki nzima kwa ajili ya maswali si uangalifu bali ni ucheleweshaji.

Hata hivyo, dhana hiyo lazima itamkwe. Ujumbe wa fundi kwa mtendaji wa kijiji ungeweza kusomeka hivi: "Nachukulia kwamba mpira wa pistoni au wa vali ya chini umechakaa. Nitafika Alhamisi na vipuri hivyo. Kabla ya Jumatano jioni, tafadhali ipumzisheni pampu nusu saa, kisha hesabuni mipigo ya mkono hadi maji yatokee. Ikizidi mitano, maji yanavuja kurudi chini. Yakitoka mara moja kwa wingi, kisha yakakatika baada ya ndoo kadhaa, nijulisheni nisije na vipuri visivyofaa."

Nguvu ya ujumbe huu imo katika sentensi zake mbili za mwisho. Fundi ametaja dalili itakayoonyesha kwamba amekosea, na mtu asiyejua ufundi anaweza kuichunguza. Maneno kama "mkiona tatizo mtuambie" hayamsaidii mtu yeyote, kwani msomaji hajui tatizo gani linatafutwa. Ukimya unaofuata maneno hayo haumaanishi kwamba dhana imekubaliwa.

Ujumbe pia hauna budi kumfikia anayejua. Mara nyingi mtendaji aliyeandika barua hachoti maji kisimani hapo. Tuseme anawasomea ujumbe wanaopanga foleni alfajiri, na mama mmoja mtu mzima anajibu: "Fundi, mwanangu, asubuhi maji yanakuja mpigo wa kwanza tu. Ila baada ya ndoo kumi yanakatika, na tukikaa saa nzima yanarudi." Jibu hilo linaipindua dhana yote. Vali inayovuja ingemlazimu apige mara nyingi kabla ya maji ya kwanza, na mpira uliolika ungetoa kidogo tangu mwanzo. Maji yanayokuja mara moja, yakakatika, kisha yakarudi baada ya mapumziko, ni dalili kwamba kisima chenyewe hakijazwi kwa kasi ya uchotaji. Fundi ataacha mpira na kubeba kamba yenye kipimo na uzito mwishoni.

Hapo ndipo kanuni inapobadilika. Dawa inayomjia fundi ni kuongeza mabomba ili pampu ishuke zaidi. Lakini asipojua kina cha kisima na mahali maji yanapotulia, anaweza kuiweka karibu mno na tope, ikavuta mchanga na kumaliza mpira mpya kwa muda mfupi. Asianze kwa dhana. Apime kwanza, au aulize kama kumbukumbu za uchimbaji zimehifadhiwa. Na kama suluhisho ni kuleta maji kwa bomba kutoka chanzo kingine, mtaro ukapita shambani mwa mtu au karibu na makaburi, hakuna dhana yoyote inayotosha. Mpira hubadilishwa tena. Kaburi lililochimbuliwa halirudishwi kwa kuomba radhi.

Jambo jingine lisilosubiri dhana wala foleni ya barua ni maji yanayonuka mafuta ya taa, au yaliyobadilika rangi ghafla. Uchotaji usimame kwanza, maswali yafuate.

Kwa mwananchi anayeandika barua, mistari mitatu inatosha kumwezesha fundi kudhani vizuri: tatizo lilianza lini, mipigo mingapi hupita kabla ya maji kutoka baada ya nusu saa ya mapumziko, na kama maji hukatika wakati wa kuchota. Ni vema pia kuandika namba ya simu ya mtu anayechota hapo kila siku, kwa idhini yake, kando ya ile ya ofisi.