Akaunti 60 za wingu, mpaka mmoja: jinsi ya kufunga kanda bila kusimamisha kazi

Kampuni ikiwa na akaunti moja ya AWS, msimamizi anaweza kuikagua kwa macho. Zikifika 60 hawezi tena. Kila timu ina akaunti ya kazi halisi na nyingine ya majaribio, na katikati yake zimo zile zilizofunguliwa na mtu aliyekwishaacha kazi, ambazo hakuna anayezijua isipokuwa idara ya fedha inayozilipia kila mwezi.

Kwa hali hiyo kuna AWS Organizations, huduma isiyotozwa malipo ya ziada. Inaziweka akaunti zote chini ya akaunti kuu moja, inakuruhusu kuzipanga katika vitengo, halafu kila kitengo unakibandikia sera ambayo mtu aliye ndani ya akaunti hawezi kuivuka, hata akiwa ndiye msimamizi wake. Sera hizo huitwa SCP. Hapa tutafuata moja tu kati ya hizo tangu mwanzo hadi mwisho: ile inayozuia watu kufungua seva na hifadhidata katika kanda ambazo kampuni haikuzichagua. Ndiyo ambayo kampuni nyingi huanza nayo, na nyingi huibandika vibaya.

Tuseme ni kampuni ya bima yenye makao Dar es Salaam na matawi Nairobi na Kampala. Uongozi umeamua kwamba data za wateja zikae Cape Town, kanda ambayo kwenye mfumo inaandikwa af-south-1, na nakala za akiba zikae Ireland, yaani eu-west-1. Kwingine kote kufungwe.

Kwanza vitengo. Kishawishi cha kila mtu ni kuchukua mchoro wa uongozi wa kampuni na kuunakili: kitengo cha Madai, kitengo cha Masoko, kitengo cha Fedha. Usifanye hivyo. Idara hubadilishwa kila anapoingia mkurugenzi mpya, na sera zako hazipaswi kuyumba kwa sababu Masoko imeunganishwa na Mauzo. Zaidi ya hapo, akaunti ya kazi halisi ya Madai inafanana zaidi na akaunti ya kazi halisi ya Fedha kuliko inavyofanana na akaunti ya majaribio ya Madai hao hao. Zipange kwa masharti zinayoshiriki. Kampuni yetu ingetosheka na vitengo vitano: Usalama, zinakokaa kumbukumbu za matukio na akaunti ya wakaguzi, Miundombinu, kwa mitandao inayotumiwa na wote, Kazi, kilichogawanywa ndani yake kuwa Halisi na Majaribio, Uwanja, ambako wahandisi hujifunza bila data za wateja, na Sera-Mpya, chenye akaunti moja au mbili za kujaribia sera kabla hazijawagusa watu. Mfumo unaruhusu vitengo ndani ya vitengo hadi ngazi tano, lakini ukishapita mbili au tatu, kujua kwa nini ombi fulani limekataliwa huwa kazi ya mchana mzima.

Kisha ni lazima kuelewa sera hizi zinafanya nini hasa. SCP haimpi mtu ruhusa yoyote. Inaweka kikomo cha ruhusa ambazo akaunti inaweza kugawa. Mhandisi anafaulu kufungua seva pale tu ruhusa yake ya ndani ya akaunti inapomkubalia, na kila ngazi iliyo juu yake, kuanzia akaunti yenyewe, kitengo chake, hadi kwenye mzizi, nayo inakubali. Ngazi moja ikikataa, imekwisha. Ndiyo maana AWS hubandika sera iitwayo FullAWSAccess kila mahali tangu mwanzo: ukiibandua kwenye kitengo bila kuweka nyingine inayoruhusu, kila akaunti iliyo chini yake inanyimwa kila kitu papo hapo. Kwa kazi yetu tunaiacha ilipo, na juu yake tunaongeza sera ya kukataa.

Kuna akaunti moja ambayo SCP haiigusi kamwe, nayo ni akaunti kuu. Hata ukibandika sera kwenye mzizi kabisa, yenyewe inapita. Kwa hiyo isiendeshe seva wala kushika data. Kazi yake iwe kulipa bili na kusimamia akaunti nyingine, basi. Taabu ni kwamba kampuni nyingi zilibofya kitufe cha kuunda shirika zikiwa ndani ya akaunti yao ya kwanza, ile yenye mfumo wa wateja. Akaunti kuu haibadilishwi ikishawekwa. Tiba ni kuunda shirika jipya kutoka akaunti tupu na kuhamishia zilizobaki huko, na afadhali kufanya hivyo zikiwa 60 kuliko zikiwa 300.

Sasa, kabla ya kuandika sera yenyewe, jua nini tayari kiko nje ya mpaka. SCP haifuti kitu. Kama timu ya Masoko iliacha seva nne zikizunguka Frankfurt, zitaendelea kuzunguka na kutozwa baada ya sera kubandikwa. La kuudhi zaidi, hakuna atakayeweza kuzizima kwa wadhifa wake wa kawaida, kwa kuwa amri ya kuzima nayo ni ombi linalokwenda Frankfurt, na Frankfurt imefungwa. Njia ya haraka ya kuzigundua ni bili. Ukiwa kwenye akaunti kuu:

```
aws ce get-cost-and-usage \
  --time-period Start=2025-05-01,End=2025-06-01 \
  --granularity MONTHLY --metrics UnblendedCost \
  --group-by Type=DIMENSION,Key=LINKED_ACCOUNT Type=DIMENSION,Key=REGION
```

Jibu linaonyesha kila akaunti ilitumia kiasi gani katika kila kanda kwa mwezi wa Mei. (Kila ombi la namna hii linatozwa senti moja ya dola, kwa hiyo usiliweke kwenye programu inayojirudia kila dakika.) Mistari yenye senti chache usiipuuze. Mara nyingi ni diski iliyosahaulika baada ya seva yake kufutwa. Wape wenye akaunti wiki kadhaa wahamishe au wafute, ndipo uendelee.

Sera yenyewe ni fupi:

```json
{
  "Version": "2012-10-17",
  "Statement": [{
    "Sid": "KandaMbiliTu",
    "Effect": "Deny",
    "NotAction": [
      "iam:*", "sts:*", "organizations:*", "account:*",
      "route53:*", "cloudfront:*", "support:*", "ce:*"
    ],
    "Resource": "*",
    "Condition": {
      "StringNotEquals": {
        "aws:RequestedRegion": ["af-south-1", "eu-west-1"]
      },
      "ArnNotLike": {
        "aws:PrincipalARN": "arn:aws:iam::*:role/Dharura"
      }
    }
  }]
}
```

Isome hivi: kataa kila kitendo, isipokuwa vya huduma zilizotajwa kwenye NotAction, ikiwa ombi linakwenda kanda isiyo Cape Town wala Ireland, na anayeomba hatumii wadhifa uitwao Dharura, ambao tutaurudia mwishoni. Orodha ya NotAction ipo kwa sababu huduma kama IAM na Route 53 hazina kanda. Maombi yake huhesabiwa kuwa yamekwenda us-east-1, Virginia. Ukizisahau, utashangaa mtu aliyeko Cape Town ameshindwa kumwongeza mtumiaji mpya. Orodha hii inatosha kuanzia, ila huenda si kamili kwa kampuni yako. Hiyo account:* nayo ina sababu yake: Cape Town ni miongoni mwa kanda ambazo akaunti mpya haiwezi kuzitumia mpaka ziwashwe, na bila hiyo unaweza kuwakataza watu kuiwasha kanda ile ile unayotaka wahamie.

Ibandike kwenye kitengo cha Sera-Mpya kwanza, na katika akaunti za humo endesha mchakato uleule ambao timu zako hutumia kuweka mifumo yao kila siku, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Katika kampuni yetu ya bima, kitakachokwama hapo ni tovuti ya wateja. Inatumia CloudFront, ambayo tumeiruhusu, lakini cheti cha usalama cha CloudFront lazima kiombwe Virginia hata kama kila kitu kingine kiko Cape Town. Mhandisi anapata jibu la kukataliwa kwa acm:RequestCertificate, nalo lina maneno haya:

```
with an explicit deny in a service control policy
```

Maneno hayo ndiyo ya kuwafundisha watu wa dawati la msaada. Yakionekana, tatizo liko kwenye sera ya shirika, na kumwongezea mtu ruhusa ndani ya akaunti yake hakutasaidia kitu. Usiende kubahatisha huko. Jina la kitendo limo kwenye ujumbe huohuo, na kumbukumbu za CloudTrail zitakuonyesha saa, kanda na nani aliyeomba.

Wengi hapo huongeza "acm:*" kwenye NotAction wakaondoka, na tangu siku hiyo vyeti vinaweza kutengenezwa kanda yoyote duniani. Kilicho sahihi ni kuiacha humo kwenye NotAction, halafu kuiandikia kauli ya pili ya kukataa inayoihusu yenyewe peke yake, yenye kanda tatu badala ya mbili: Cape Town, Ireland na us-east-1. Sera ya ulinzi wa tovuti inayobandikwa kwenye CloudFront, ile ya wafv2, ina tabia hiyohiyo, basi ziweke pamoja.

Sera ya kanda ikishakaa kimya wiki moja au mbili, ipeleke kwenye Majaribio, kisha Halisi, kitengo kimoja kwa wakati mmoja na si Ijumaa jioni. Kwenye Uwanja unaweza kuwa mkali zaidi na kuacha kanda moja. Usiibandike kwenye mzizi, angalau mwanzoni. Ukikosea kwenye kitengo unasumbua timu kadhaa. Ukikosea kwenye mzizi unasimamisha kampuni nzima isipokuwa akaunti kuu.

Mwanasheria wa kampuni aelezwe kilichobaki nje ya uwezo wa mpaka huu. Mpaka unahesabu maombi yanayotolewa na watu na nyadhifa za akaunti zako tu. Hifadhi iliyofunguliwa wazi kwa umma itasomwa na mtu wa nje bila SCP kumwona. Kwa hilo kuna sera za aina nyingine, RCP, zilizoletwa Novemba 2024, ambazo hukaa upande wa mali badala ya mtu. CloudFront nayo inaendelea kusambaza nakala za kurasa duniani, maana ndiyo kazi yake. Na Cape Town si Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, na kampuni inabaki na wajibu wa kuyatimiza hata baada ya kufunga kanda zote nyingine.

Wadhifa wa Dharura utengenezwe katika kila akaunti na timu ya usalama, usitumiwe kwa kazi za kila siku, na kila unapochukuliwa ujumbe uwafikie watu wasiopungua wawili. Ongeza pia sera fupi inayokataza mtu mwingine kuunda au kubadilisha wadhifa wenye jina hilo. Bila hiyo, msimamizi yeyote wa akaunti anaweza kutengeneza Dharura yake mwenyewe, na mpaka wote ukabaki wa karatasi.