Kifua kikuu cha mgongo huleta kibiongo

Msomaji, tuseme mtoto wako wa miaka 6 hapo Ruiru analalamika mgongo kwa mwezi mzima. Hakohoi, lakini jioni hupata homa na anakonda. Usimchue mgongo kwa mafuta ukangoja. Viini vya kifua kikuu huweza kutoka mapafuni kupitia damu, vikala pingili za uti wa mgongo upande wa mbele. Pingili zikibomoka, mgongo hupinda, kibiongo hutokeza na kimo hupungua, hata kwa mtu mzima. Mpeleke hospitali ya Thika apigwe eksirei. Dawa humezwa miezi 12, bila malipo katika hospitali za serikali. Huua viini, lakini hazinyooshi mfupa uliokwisha kubomoka. Miguu ikilegea, usingoje hata siku moja.