Muziki na mvua vinameza maneno

Swali: Katuni yangu ya sungura na fisi inasikika vizuri kwenye hedifoni, lakini kwenye simu mvua na muziki vinameza maneno. Nipandishe sauti za wahusika?

Jibu: Hapana, zitakwaruza. Zima muziki na mvua kwanza, usawazishe mazungumzo peke yake mpaka mnong'ono wa sungura na ukali wa fisi vikaribiane. Kisha rudisha muziki, ukae desibeli 15 hivi chini ya maneno. Fisi akinyamaza, uache upande polepole.

Mvua ndiyo korofi zaidi. Ule mvumo wake wa "shaaa" unafunika konsonanti, hasa kati ya hezi 2,000 na 5,000. Punguza hapo desibeli 4 kwenye ikwalaiza. Mvua itabaki mvua. Halafu mwonyeshe katuni hiyo kwenye simu mtu ambaye hajasoma skripti, akwambie fisi kasema nini.