Bahlam Jol iliungua: kitenzi kimoja, masizi ya ziwani na mjadala wa kuanguka kwa miji ya Wamaya

Kwenye nguzo moja ya mawe ya mji wa Naranjo, kaskazini mwa Guatemala, kuna sentensi fupi yenye tarehe ambayo kwa kalenda yetu ni 21 Mei 697. Inasema kwamba Bahlam Jol iliungua mara ya pili. Kitenzi kimeandikwa kwa alama tatu za silabi, pu-lu-yi, na husomwa puluuy. Mzizi pul una maana ya kuungua, na kiambishi tamati kinaeleza jambo lililotokea bila kumtaja aliyelitenda. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya maelezo marefu hapo: ni tofauti kati ya «mji uliungua» na «mji ulichomwa na fulani». Sarufi inatupa tukio na siku yake. Haituambii ni kitu gani hasa kilichoshika moto, wala kwa kiasi gani.

Nimechagua kitenzi hiki kwa sababu swali kubwa juu ya Wamaya, yaani kwa nini miji yao ya kusini iliachwa kati ya miaka ya 750 na 950 hivi, linategemea sana namna tunavyosoma vitu vidogo kama hiki.

Kwanza, tujue ni nani aliyekuwa akimpiga nani. Wamaya hawakuwa na dola moja. Kila mji mkubwa ulikuwa na mfalme wake, aliyeitwa k'uhul ajaw, «bwana mtakatifu», aliyewatoza raia mazao na kazi, na kujenga mahekalu na mabwawa ya maji ya mvua. Juu ya miji hiyo kulikuwa na mahasimu wawili, Tikal na ufalme wa Nyoka uliokuja kukaa Calakmul. Tikal ilishindwa mwaka 562, ikakaa zaidi ya karne moja bila kusimamisha nguzo zenye maandishi, kisha mwaka 695 ikaishinda Calakmul. Miji midogo ilijipanga nyuma ya mmoja wao. Dos Pilas ilitawaliwa na mtu wa ukoo wa kifalme wa Tikal, lakini aliipigania Calakmul dhidi ya jamaa zake. Mwaka 682 binti yake alipelekwa Naranjo kufufua ukoo wa huko. Mwanawe alitawazwa mwaka 693, akiwa na miaka mitano. Hivyo vita vya mwaka 697 vilipiganwa kwa jina la mtoto wa miaka tisa, na ni vigumu kutomwona mama yake nyuma ya pazia, ingawa kitenzi chetu hakimtaji mtu.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walisoma puluuy kwa tahadhari. Labda ni hekalu moja lililowashwa moto, labda ni ibada ya kumdhalilisha adui. Usomaji huo uliendana na picha iliyozoeleka: vita vya Wamaya wa zamani vilikuwa vya kukamata mateka wa kifalme, na vita vya kuangamiza vilikuja baadaye tu, ukame ulipoanza kubana. Ndipo nadharia ikapata mpangilio wake: mvua zinapungua, chakula kinapungua, vita vinazidi ukali, miji inaanguka.

Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na David Wahl ilitoa habari za ziwa dogo lililo karibu na magofu ya Witzna. Walikuwa wamechimba mashapo ya chini ya ziwa wakitafuta alama za ukame. Walichokuta ni tabaka la makaa na masizi lenye unene wa sentimita 3 hivi, lisilo na mfano katika mashapo yote ya huko, na vipimo vya kaboni vililiweka katika muongo wa mwisho wa karne ya saba. Juu ya tabaka hilo, dalili za kilimo na makazi zinashuka ghafla. Mjini kwenyewe majengo makuu yana alama za moto. Na maandishi yaliyopatikana palepale yalikuwa yameshaonyesha kwamba jina la kale la Witzna ni Bahlam Jol.

Uzito wa ushahidi huu, kwa maoni yangu, unatokana na jambo moja: mashahidi wawili hawakujuana. Mwandishi wa Naranjo alikuwa na sababu ya kujisifu, ziwa halikuwa nayo. Ziwa nalo haliwezi kutaja siku, nguzo inaitaja. Lingekuwapo ziwa peke yake, mtu angesema ni moto wa mashamba uliowaponyoka wakulima. Ingekuwapo nguzo peke yake, tungebaki na ubishi wa maana ya pul. Hata hivyo, huu ni mji mmoja. Haututhibitishii kwamba kila puluuy ni mji mzima kuteketea, bali unatuzuia kusema kwamba haiwezekani.

Pia unavunja ule mpangilio. Moto huu ulitangulia ukame mkubwa kwa karne moja au zaidi. Ukame wenyewe ulitokea kweli: mwaka 1995 David Hodell na wenzake walionyesha tabaka za jasi katika ziwa Chichancanab, madini yanayotuama maji ya ziwa yanapopungua kwa kuvukizwa na jua. Lakini saa ya mashapo na saa ya nguzo hazifanani. Nguzo hutaja siku, mashapo mara nyingi huwa na kosa la miaka makumi. Ukiwa na ukame wa «karibu mwaka 800», ni rahisi mno kuuvuta upande huu au ule mpaka umkute mfalme aliyeanguka. Na ziwa hilo lipo kaskazini, katika Yucatan, ambako Chichén Itzá ilistawi wakati miji ya kusini ikizimika.

Dos Pilas inaonyesha shida hiyo vizuri. Mfalme wake wa mwisho alikimbia mwaka 761. Wachache waliobaki walibomoa mawe ya jumba la kifalme na mahekalu, wakajenga ukuta wa kujikinga uliopita juu ya ngazi zenyewe zilizochongwa ushindi wa mababu zao. Arthur Demarest na wenzake walitafuta njaa huko wasiione. Lori Wright alipima mifupa ya wakazi wa eneo hilo, na mlo wao haukuwa umeharibika kuelekea mwisho. Hapo vita vinaonekana kutangulia kila kitu. Kwingine, ambako mabwawa ya mvua ndiyo yalikuwa maji pekee ya kiangazi, nakubali kwa urahisi zaidi kwamba ukame ulimaliza kazi. Sioni kwa nini miji iliyozimika katika karne mbili tofauti ipewe sababu moja.

Linabaki neno «kuanguka». Tarehe tunazotumia, 869 kwa Tikal na 909 kwa Toniná, ambako nguzo ya mwisho yenye hesabu ndefu ya siku ilisimamishwa, ni tarehe za maandishi. Zinatuambia lini wafalme waliacha kuchonga. Tikal ilikuwa imenyamaza hivyo baada ya 562, na watu walikuwapo. Ili kujua kama safari hii waliondoka, inabidi kuchimba misingi ya nyumba za wakulima, si kuhesabu nguzo. Sehemu nyingi za kusini misingi hiyo inaonyesha kweli watu wakipungua, kwa vizazi kadhaa na si kwa siku moja. Lakini lugha za Kimaya karibu 30 zingali na wasemaji, mamilioni kwa jumla, na Kichorti, kinachosemwa mpakani mwa Guatemala na Honduras, ni ndugu wa karibu wa lugha ya nguzo. Wasomaji wa maandishi hayo wanapotaka kujua kiambishi kama kile cha puluuy kinafanya nini, huanzia kwenye sarufi zake.